Kigingi cha Bei

Shemeji yangu Mustapha alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, na tangu astaafu anatufundisha sisi tusioomba. Alinunua ubao mweusi akautundika ghalani kwetu Majengo, katikati ya magunia, na kila Jumatatu akawa anaandika bei ya alizeti kwa chaki. Wapita njia walidhani tumefungua tuisheni.

Ghala lile tulilijenga sisi wenyewe: Mustapha na mkewe, mimi na marehemu mume wangu Ibrahimu, mdogo wake Mustapha. Maji ya kufyatulia matofali niliyabeba kichwani na mimba tumboni. Ibrahimu alipofariki na mirathi ikagawanywa, hati ikabaki na majina mawili, la Mustapha na langu, Batuli. Ndani kila mtu ana magunia yake upande wake na akili yake upande wake. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mpangaji pale.

Mustapha ana imani moja kuhusu bei. "Bei ni mbuzi aliyefungwa kamba," huniambia. "Atavuta huku, atavuta kule, lakini kigingi kiko palepale. Kigingi ndicho wastani. Ukimwona kaenda mbali sana, kaa chini umngoje. Anarudi."

Na mbali kwake si kwa kukadiria kwa macho. Alichukua bei za kila wiki za miaka mitatu, akapata wastani, halafu akapima kwa kawaida bei hucheza umbali gani kutoka kwenye huo wastani. Wastani wa alizeti ulikuwa shilingi 950 kwa kilo, na mchezo wake wa kawaida 70. Kwa hiyo bei ikiwa 900 hashtuki, mbuzi anakula tu. Lakini ikishuka chini ya wastani kwa zaidi ya michezo miwili, yaani chini ya 810, ananunua. Ikirudi kwenye wastani anauza, anakwenda kunywa chai.

Mimi hesabu yangu ni fupi. Bei ikipita juu kuliko bei zote za wiki nane zilizopita, nanunua. Ikishuka chini kuliko zote za wiki nane, nauza, hata kwa hasara, na simwombi mtu ushauri. Sijidai kuijua kesho. Ninachojua ni kwamba bei ikishafunga safari, mara nyingi haiishii njiani, na mimi sitaki kubaki kituoni nikiipungia mkono. Kwa ajili hiyo wenzangu sokoni wakaniita Bendera, kwa sababu bendera hufuata upepo. Restuta, jirani yangu wa duka la mchele, alikuwa akiniona tu anauliza, "Bendera, leo upepo wa wapi?"

Na walikuwa na haki ya kunicheka. Kuna mwaka mzima mahindi yalinifanya kichekesho. Kila yalipopanda, hifadhi ya chakula ya serikali ilimwaga mahindi yake sokoni, yakashuka. Kila yaliposhuka, ikaingia kununua, yakapanda. Bei ikawa inatembea ndani ya ua, ukutani hadi ukutani. Mimi nikawa nanunua ikigusa ukuta wa juu, nauza ikigusa wa chini. Kila safari hasara ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na hasara nayo ina kibaba chake. Mustapha mwaka huohuo alinunua chini, akauza katikati, akanunua chini tena, bila jasho. Akaezeka nyumba ya mama yake kule Nkuhungu kwa mabati mapya. Sikumwonea wivu. Sawa, kidogo.

Basi ndiyo maana ilipofika zamu ya alizeti hakuna aliyenisikiliza.

Mavuno yaliisha, na bei ambayo kwa desturi huanza kupanda wakulima wakishamaliza kuuza, haikupanda. Ilipogusa 860, chini kuliko wiki zote nane nyuma yake, nikauza magunia yangu yote kwa siku mbili. Mustapha alisimama mlangoni akitazama yakipakiwa.

"Shemeji, unauza mbuzi karibu na kigingi," akasema.

"Nauza nikiwa bado na cha kuuza," nikamjibu.

Ilipofika 780 akanunua. Ukutani kwake palijaa magunia hadi dirishani. Ilipofika 700 akanunua tena, na safari hii alitumia kilichobaki cha kiinua mgongo chake, yale malipo ya miaka yote ya kushika chaki. Mwezi wa kumi bei ikawa 640, na Jumatatu hiyo nikamkuta amesimama mbele ya ubao anatabasamu kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

"Njoo uone," akaniambia. Wastani wa miaka mitatu ulikuwa umeteremka kidogo, 940. Mchezo umepanuka, 90. Akachora mshale mrefu kutoka 940 hadi 640. "Umbali ni mia tatu. Michezo mitatu na theluthi! Shemeji, tangu nianze kuandika haijawahi kufika huku. Nafasi hii hairudi."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa hesabu yake, bei ilivyozidi kumkimbia ndivyo ubao ulivyozidi kumwambia anunue. Hapakuwa na mahali popote kwenye ubao ule palipoandikwa: hapa nitakuwa nimekosea.

"Hela ya kununulia iko wapi?" nikamuuliza.

Akafuta chaki mikononi. "Benki. Tuweke hati ya ghala rehani. Bei ikirudi tunalipa, tunajenga la pili pembeni. Inahitajika saini yako tu."

Saini yangu tu! Niliuma midomo. Ningeweza kukataa palepale, lakini kumkatalia mtu kwa sababu hesabu yake si yako ni uvivu. Nilimwambia anipe siku mbili. Nilitaka kujua jambo moja, hiyo kamba yake imefungwa kwenye nini.

Nikapanda bodaboda mpaka Kizota kwa Elieza, mwenye mashine za kukamua mafuta. Elieza amenunua alizeti yangu tangu Ibrahimu akiwa hai, na siku zote ukifika kwake lazima upige kelele ili mashine zisikuzidi sauti. Siku hiyo tulisalimiana kwa sauti ya msibani. Mashine zilikuwa zimezimwa. Uani, palipokuwa panawekwa magunia, palikuwa na madumu ya njano yamepangwa hadi kwenye paa.

"Mafuta ya nje," akasema kabla sijauliza. "Mama Batuli, nikikamua alizeti, dumu moja linanigharimu zaidi kuliko hili ninaloletewa limeshajaa. Sasa nikamue kwa mapenzi?"

"Zamani alizeti ikishuka ulikuwa unakuja mwenyewe Majengo kuchukua."

"Zamani nilikuwa sina pengine pa kupata mafuta. Ikishuka nakimbilia, tunagombea wakamuaji wote, inapanda. Ndiyo ilikuwa inairudisha juu. Sasa nani aikimbilie?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka haya yapande au alizeti ishuke ifanane nayo. Na haya sioni dalili ya kupanda."

"Na wenye magunia ghalani?"

Elieza akacheka bila furaha. "Kila mmoja anangoja mwenzake ndiye aanze kuuza. Leo anauza mwenye mgonjwa, kesho mwenye harusi. Januari ikija na ada za shule, watayaleta wote."

Nikarudi mjini sioni barabara. Kigingi cha Mustapha kilikuwa watu kama Elieza, waliokuwa wanaingia sokoni bei ikishuka. Watu hao wameondoka. Mbuzi alikuwa anakwenda na kamba yake, kigingi kinaburutwa nyuma, na shemeji yangu anapima urefu wa kamba! Na hakuwa anakwenda kwa mkupuo. Kwa vile kila mwenye gunia alikuwa anauza kwa shida yake na kwa wakati wake, bei ingeshuka hatua kwa hatua, miezi na miezi. Hiyo ndiyo hali ambayo akili yangu ya bendera inafaa.

Kikao kikaitishwa Nkuhungu, kwa mama mkwe wangu Bi Asma, chini ya yale mabati mapya. Wakaja na shangazi wawili, maana kwetu Warangi jambo la ukoo halisemwi na watu watatu. Nikaamkia wote, shikamoo moja baada ya nyingine, nikakaa. Karatasi za benki zilikuwa mezani na kalamu juu yake. Kalamu imeshafunguliwa kabisa!

Mustapha akaeleza vizuri, maana kueleza anajua. Akamaliza kwa yale mahindi. Kila mtu akanitazama.

"Hesabu ya mahindi ilikuwa sahihi," nikasema. "Mahindi yalikuwa na mtu anayenunua yakishuka na anayeuza yakipanda. Alizeti haina mtu huyo tena. Nimekwenda kwa Elieza, mashine zimelala. Shemeji, wastani wako ni wa soko lililokuwepo kabla ya madumu haya."

"Kila mara watu husema safari hii ni tofauti," Mustapha akajibu kwa upole wa darasani. "Walisema mwaka wa ukame, ikarudi. Walisema mwaka wa mvua, ikarudi."

"Basi niambie. Ikifika bei gani utasema umekosea?"

Akazisogeza karatasi za benki upande wangu. "Hesabu haikosei, shemeji."

"Hesabu haijakosea. Soko limehama nyumba, wewe unaendelea kubisha hodi kwa zamani."

Shangazi mmoja akaguna. Bi Asma, ambaye alikuwa anahesabu tasbihi, akaiweka mapajani. "Batuli. Ghala lile ni jasho la wanangu. Mmoja yuko kaburini, mwingine huyu anaomba. Wewe ni nani wa kumzuia?"

Mimi ni nani! "Mama, mimi ndiye niliyebeba maji ya yale matofali na mjukuu wako tumboni. Jina langu liko kwenye hati. Nakuheshimu, na shemeji namheshimu, lakini saini siweki. Leo siweki, kesho siweki. Magunia yake ayafanye apendavyo, na akitaka nimuuzie yangu yaliyobaki matupu nitamuuzia. Ghala haliendi benki."

"Mjeuri," akasema shangazi wa pili.

"Mjeuri, ndiyo shangazi. Na bado nina pa kuweka magunia."

Niliondoka chai haijamiminwa. Sikujuta hata chembe.

Desemba bei ikawa 600. Januari ada zikaja, na kama alivyosema Elieza, malori yakapanga foleni. Februari ikawa 520. Mtu angedhani nilishangilia. Nilishangilia vipi, na kila asubuhi namkuta shemeji yangu ameketi kati ya magunia yake, bei yake ni theluthi mbili tu ya aliyonunulia mengine? Akawa anauza kumi kumi, ya dawa za mkewe, ya umeme. Ubao akaacha kuuandika. Bi Asma hakuitikia shikamoo yangu miezi mitano. Nilikuwa naisalimia hewa, naondoka. Lakini ghala lilikuwa letu. Kama lingekuwa rehani, mwezi huo wa pili tungekuwa tunatoa magunia na ubao barabarani.

Mwaka ukapita. Jumatatu moja Mustapha akaniita, nikakuta ameshika chaki tena. Zile bei za miaka ya nyuma alizitupa zote, akabakiza za mwaka mmoja tu, tangu bei ifike chini. Wastani 520. Bei ya siku hiyo 520. Umbali, sifuri.

"Imerudi kwenye wastani," akasema taratibu.

"Haijarudi shemeji. Wastani ndio umeifuata."

Akaizungushia duara ile sifuri. Halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu msimu ule, na katikati ya kicheko macho yakamjaa maji. Nikajifanya naangalia panya.

Sasa nilidhani mambo yameishia hapo. Hayakuisha. Jina la Bendera sokoni lilibadilika likawa cheo. Watu walikuwa wananifuata hadi kwenye mlango wa choo kuniuliza leo tununue au tuuze. Bei ilipopanda kutoka 490 hadi 560, juu kuliko wiki zote nane, moto ukawaka. Kikao kikaitishwa tena Nkuhungu, na safari hii Bi Asma aliitikia shikamoo yangu kwa sauti.

Shangazi wote walikuwepo. Karatasi za benki zilikuwepo. Tofauti ni kwamba aliyezileta ni Mustapha, na kwenye nafasi yake alikuwa ameshaweka saini.

Akasimama. Amekonda, shati limekuwa kubwa. "Mimi nilikosea," akasema, bila kumtazama mtu. "Batuli aliona, mimi sikuona. Bei imepita ya wiki nane, kwa kanuni yake mwenyewe ni wakati wa kununua. Tuweke ghala, tumpe yeye hela, aifuate bei. Mimi nitabeba magunia."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Mwalimu mzima, mtu niliyezoea kumkaripia kwa sababu hakuwa anavunjika.

"Saini, mwanangu," Bi Asma akasema. Mwanangu! Tangu niolewe sikuwahi kuwa mwanangu.

Nikazitazama zile karatasi. Sitadanganya, zilinivuta. Mwanamke aliyeitwa mjeuri akikabidhiwa kalamu na watu walewale waliomwita, ana raha yake. Nikairudisha kalamu mezani.

"Siweki."

Vurugu. Shangazi wa pili akauliza kama nimerogwa. Nikangoja wamalize.

"Kanuni yangu inasema ninunue, ni kweli," nikasema. "Ilisema hivyohivyo mwezi wa nne. Nikanunua magunia machache kwa 555, ikageuka, nikauza 490. Ikasema tena mwezi wa saba, nikakatwa tena. Sikuwatangazia kwa sababu ilikuwa hela yangu. Nikaenda kwa Elieza. Ikishuka kwenye 490, alizeti inakuwa rahisi kuliko madumu, anawasha mashine, wenzake wote wanawasha, bei inapanda. Ikifika 560 madumu yanakuwa rahisi, wanazima, inashuka. Bei imepata ua mwingine. Mimi ndani ya ua ni kipofu, mmeniona kwenye mahindi. Nanunua ukutani, nauza ukutani, mpaka hela inaisha."

"Kwa hiyo tufanyeje?" akauliza Bi Asma.

"Tumsikilize huyu." Nikamnyooshea Mustapha mkono. "Kigingi kimepatikana kingine. Ni soko la kwake hili, si la kwangu. Anunue kwenye mia tano kasoro, auze katikati, kwa hela iliyopo mkononi. Ila aandike na bei ya kukiri. Ikishuka chini ya 440 hakuna kungoja mbuzi, tunauza yote siku hiyo, kwa maana madumu yatakuwa yameshuka tena na kigingi kimeng'oka. Na siku ikipanda ikapitiliza huku mashine za Elieza bado zinanguruma, hapo mniite mimi."

Mustapha alikuwa amekaa chini. "Mimi tena?" akasema. "Baada ya yote yale?"

"Shemeji, mwaka ule sikukataa kwa sababu wewe ni mjinga. Nilikataa kwa sababu mlikuwa mnakwenda benki na jibu moja. Leo jibu ni langu, na bado ni moja."

Bi Asma alikuwa ananitazama kama ananiona mara ya kwanza, na sikuweza kujua kama ni heshima au hasira inarudi. Alivuta zile karatasi kwake, akazipangusa ingawa hazikuwa na vumbi.

"Na ukikosea, Batuli?" akauliza. "Bei ikipanda mpaka elfu, watu wote Majengo watajirike, sisi tumekaa?"

"Nikikosea, mama," nikasema, "mtakuja wote mnicheke. Mtanikuta ndani ya ghala letu."